Korija, Dazeni na Grosi: Hesabu Iliyofichwa Ndani ya Neno

Mkulima wa Golbanti akitoka shambani na mkungu wa ndizi begani, ukimwuliza amebeba nini atajibu kwamba amebeba mkungu mmoja. Ukizidi kumwuliza, atakuambia kwamba mkungu ule una chane saba au nane. Lakini ukimtaka akuambie una ndizi ngapi, hana budi kuuweka chini aanze kuzihesabu moja moja, maana neno mkungu halina hesabu ndani yake, wala neno chane halina. Chane ya juu yaweza kuwa na ndizi kumi na nane, na ile ya chini kumi tu. Maneno haya yamefuata umbile la mmea wenyewe, wala hayakufuata mapatano ya watu.

Lakini mkulima huyohuyo akienda Garsen dukani kununua vikombe, muuzaji atamtajia bei ya dazeni. Na akishuka upande wa Kipini na Lamu kutafuta miti ya kujengea, atasikia ikitajwa kwa korija. Hapo hana haja ya kuuliza idadi. Dazeni ni 12, wala si 11 wala 13. Na korija ni 20. Maneno ya namna hii ni mafungu yaliyokwisha kuhesabiwa kabla hujaja. Mtu akitamka neno, ametamka na hesabu.

Tofauti hii kati ya mafungu ya aina mbili ndiyo tunayotaka kuieleza leo, kwa sababu fedha nyingi hupotea pale mmoja wa wauziana anapodhani neno lina hesabu na kumbe halina, au anapojua hesabu lakini hajui ni ya kitu gani. Tita la kuni, mtungo wa samaki, robota la nguo na mzigo wa makuti ni ndugu za mkungu: ukubwa wake hutegemea aliyefunga. Jozi, dazeni, korija na grosi ni wa ukoo mwingine: ukubwa wake hautegemei mtu.

Maneno haya yametoka wapi

Dazeni tumeipata kwa Waingereza, na wao waliipata kwa Wafaransa, ambao katika lugha yao kumi na mbili ni duz, na fungu la kumi na mbili ni duzen. Grosi nayo imetoka hukohuko. Maana yake ya asili ni dazeni kubwa, yaani dazeni ya dazeni. Chukua 12 mara 12, utapata 144, na hiyo ndiyo grosi moja. Vifungo vya nguo, penseli na skurubu ni vitu ambavyo viwanda vimezoea kuviuza kwa grosi, kwa kuwa ni vidogo na bei ya kimoja ni ndogo mno kutajwa.

Korija ina safari nyingine kabisa. Neno hili lilikuja kwa njia ya bahari. Katika Bara Hindi fungu la ishirini huitwa kori au kodi. Wareno walipofanya biashara katika pwani ya Hindi walilichukua neno hilo wakalitamka korja, na wafanya biashara wa bahari yote hii, toka Gujarati hata Ghuba ya Uajemi, walilitumia katika kuuziana nguo na bidhaa nyingine. Kwetu pwani likakaa na kuwa neno letu, na wako wasemao korija na wasemao korja. Kwa hiyo mzee wa Lamu akisema korija moja ya boriti, anatumia neno ambalo baharia wa Kihindi na baharia wa Kiarabu wangalilielewa bila ya mkalimani.

Waingereza nao walikuwa na neno lao la ishirini, nalo ni skoo. Maana yake ya kwanza ilikuwa ni alama ya kukata kwa kisu, na jambo hilo latuonyesha jinsi mafungu haya yalivyozaliwa. Mtu aliyehesabu mifugo alihesabu mpaka ishirini, kisha akakata alama moja katika fimbo yake, akaanza tena toka moja. Mwisho wa kazi alihesabu alama tu. Alama saba na wanyama watano ni wanyama 145. Hakuwa na haja ya kushika kichwani hesabu kubwa kuliko ishirini, na kama mtu alimkatiza kwa maneno, alipoteza fungu moja tu, hakupoteza hesabu yote.

Kwa nini 12, na kwa nini 20

Msomaji aweza kuuliza: kama sisi sote twahesabu kwa makumi, kwa nini fungu lisiwe 10 basi? Jibu ni katika kugawanya. Kumi hugawanyika kwa mbili na kwa tano tu. Kumi na mbili hugawanyika kwa mbili, kwa tatu, kwa nne na kwa sita. Mwenye duka aliyenunua dazeni aweza kuuza nusu yake, ambayo ni 6, au theluthi, ambayo ni 4, au robo, ambayo ni 3, wala hakuna kitu kinachokatwa vipande. Tena vitu kumi na viwili hupangika vizuri katika sanduku, safu tatu za vinne vinne, au safu mbili za sita sita. Vitu kumi hupangika kwa namna moja tu, safu mbili za vitano.

Ishirini ina sababu yake pia. Ni hesabu ya vidole vya mikono na miguu ya mtu mmoja, na mataifa mengi duniani yameifanya kuwa kituo cha kupumzika katika kuhesabu. Nayo hugawanyika kwa mbili, kwa nne, kwa tano na kwa kumi. Kwa hiyo korija ina nusu yake, 10, na robo yake, 5, lakini haina theluthi. Watu watatu wakinunua korija moja kwa shirika, miwili katika miti hiyo itabaki bila mwenyewe.

Jambo la fedha nalo lilikuwa na nguvu kubwa. Huko Uingereza, mpaka mwaka 1971, shilingi moja ilikuwa na peni 12, na pauni moja ilikuwa na shilingi 20. Tazama basi jinsi maneno yalivyoingiana na sarafu. Dazeni ya vitu kwa shilingi moja maana yake kila kimoja ni peni moja. Vitu ishirini kwa pauni moja maana yake kila kimoja ni shilingi moja. Mwuzaji hakuhitaji karatasi wala kalamu. Bei ya fungu ilikuwa ni bei ya kitu kimoja katika sarafu iliyo chini yake.

Kwetu mambo yakawa mengine. Shilingi ya Afrika Mashariki ilipoanzishwa mwaka 1921 iligawanywa kwa senti 100, si kwa peni 12. Tangu siku hiyo dazeni na shilingi havikupatana. Dazeni iliyouzwa kwa shilingi moja ilifanya kila kitu kuwa na bei ya senti 8 na theluthi ya senti, na sarafu ya theluthi haikuwapo. Mwenye duka akauza kimoja kimoja kwa senti 10, na mnunuzi wa vimoja vimoja akawa amelipa shilingi moja na senti ishirini kwa vitu ambavyo mwenye kununua dazeni nzima alivilipia shilingi moja. Lakini korija ilipatana na senti vizuri sana, maana korija kwa shilingi moja ni senti tano kwa kila kitu, na sarafu ya senti tano ilikuwapo.

Hata leo, senti zikiwa zimetoweka mifukoni, njia ya kugawanya ni ileile. Ukitajiwa bei ya korija, toa sifuri moja ya mwisho kisha igawanye kwa mbili. Korija kwa shilingi 3,000: toa sifuri, inabaki 300, nusu yake ni 150. Basi mti mmoja ni shilingi 150. Ukitajiwa bei ya dazeni, igawanye kwa tatu kisha kwa nne. Na ukitajiwa bei ya grosi, fanya kazi hiyo ya dazeni mara mbili.

Korija katika biashara ya boriti

Hapana mahali ambapo neno korija limefanya kazi kubwa kuliko katika biashara ya miti ya mikoko. Mikoko hiyo humea katika matope ya maji ya chumvi, toka visiwa vya Lamu mpaka Kipini na milango ya mto Tana. Kwa karne nyingi majahazi ya Uarabuni na ya Ghuba ya Uajemi yalikuja na pepo za kaskazi, yakarudi na kusi yakiwa yamepakia miti hiyo, kwa kuwa nchi zile hazina miti ya kujengea dari. Katika miaka toka 1941 hata 1956, Lamu ilipeleka ng'ambo wastani wa korija zaidi ya 35,000 kila mwaka. Zidisha kwa 20, utaona ni miti zaidi ya laki saba. Biashara ile ya kupeleka nje ilikoma mwaka 1982 serikali ya Kenya ilipoipiga marufuku. Ukataji kwa ajili ya wenyeji nao huwa kwa kibali, na umepata kusimamishwa pia, kwa hiyo mwenye kutaka miti yampasa aulize kwanza ofisi ya misitu. Lakini neno korija halikukoma.

Sasa yatupasa tufahamu kwamba korija ya miti haitajwi peke yake. Hufuatwa na jina la aina, na aina hupimwa kwa unene wa shina, yaani ule mwisho wa mti ulio mnene. Miti myembamba kabisa, chini ya sentimita 4, ni fito. Kutoka sentimita 4 hata karibu 8 ni mapau. Kutoka 8 hata 11 na kidogo ni mazio. Kutoka 11 na nusu hata karibu 14 ni boriti, ile inayobeba dari za nyumba za mawe. Unene ukizidi hapo ni nguzo. Korija ya fito na korija ya boriti zote mbili ni miti 20, lakini ya kwanza huenda mtu mmoja akaibeba begani, na ya pili ni mzigo wa gari.

Kuhesabu kwenyewe kuna utaratibu. Miti ya aina moja hupangwa chini, mashina yote upande mmoja. Mwenye kuhesabu hushika miwili miwili, akataja moja, mbili, tatu, mpaka kumi. Jozi kumi ni korija. Hapo kijiti kimoja huwekwa kando kuwa alama, na hesabu huanza upya. Mwisho wa kazi vijiti ndivyo vihesabiwavyo. Vijiti kumi na saba, na miti sita iliyobaki, ni korija 17 na miti 6, yaani miti 346. Yafaa muuzaji na mnunuzi kila mmoja awe na vijiti vyake. Vikitofautiana, hapana sababu ya kuhesabu yote tena kama kila korija imelazwa peke yake, maana itatosha kuhesabu marundo.

Mfano wa ghala

Tuseme wakulima wachache wa Golbanti wanataka kujenga ghala la mpunga na mahindi, lililoinuliwa juu ya ardhi kwa ajili ya mafuriko. Fundi amewaandikia haja yake: boriti 46 za sakafu na nguzo ndogo, mapau 130 ya paa, na fito 300 za kufungia makuti. Kazi ya karani wao ni kugeuza hesabu ya fundi kuwa hesabu ya muuzaji.

Boriti 46 zigawanywe kwa 20: ni korija 2 na boriti 6. Mapau 130 ni korija 6 na mapau 10, yaani korija sita na nusu. Fito 300 ni korija 15 kamili. Bei tutakazozitaja ni za mfano tu, si za soko. Tuseme korija ya boriti ni shilingi 6,000, ya mapau ni 2,000, na ya fito ni 600. Kwa hesabu yetu ya kutoa sifuri na kugawanya kwa mbili, boriti moja ni shilingi 300, pau moja ni 100, na ufito mmoja ni 30.

Kama muuzaji akubali kuvunja korija, boriti zitakuwa shilingi 13,800, mapau 13,000, na fito 9,000. Jumla yake ni 35,800. Lakini kama hauzi ila korija nzima, hawana budi kununua korija 3 za boriti kwa 18,000, korija 7 za mapau kwa 14,000, na fito zilezile kwa 9,000. Jumla ni 41,000. Tofauti ni shilingi 5,200, na watabaki na boriti 14 na mapau 10 ambazo ghala halizihitaji.

Hapa ndipo akili ya mnunuzi inapotakiwa kabla ya kuondoka Golbanti, si baada ya kufika bandarini. Pengine jirani anajenga naye anahitaji boriti kumi na nne. Pengine fundi aweza kubadili mpango wake kidogo, sakafu ikachukua boriti 40 tu. Bei ya jumla ni rahisi kwa sababu inampunguzia muuzaji kazi ya kubakiwa na vipande vya korija. Mnunuzi asiyejipanga humwondolea muuzaji mabaki hayo na kuyabeba yeye.

Hesabu ikiwa sawa na bado mtu akapunjika

Watu wengi wahesabupo miti ishirini huridhika. Lakini twasema tena: korija hutaja wingi, haitaji unene. Tuseme katika kila korija ya boriti muuzaji ametia miti minne ya mazio, ambayo korija yake ni shilingi 3,600, yaani 180 kwa mti mmoja. Ukihesabu utapata 20 bila ya kosa. Lakini kwa kila mti wa mazio umelipa shilingi 120 zaidi, na kwa minne ni shilingi 480. Katika korija tatu ni shilingi 1,440. Tena hasara ya fedha ndiyo ndogo. Hasara kubwa ni sakafu iliyowekwa miti dhaifu mahali pa boriti, kisha magunia yakapangwa juu yake.

Kulitambua jambo hili si kazi ngumu. Chukua kipande cha ubao, ukate pengo lenye upana wa sentimita 11 na nusu. Mashina yakiwa yamepangwa upande mmoja, pitisha ubao kila shina. Mti ambao shina lake lapita ndani ya pengo si boriti. Ndiyo sababu tulisema mashina yawe upande mmoja. Rundo lililochanganywa mashina na ncha huficha wembamba, na muuzaji asiyekubali kuligeuza amekwisha kukupa jibu.

Njia ya pili ya kupunjika ni kutojua korija au dazeni ni ya kitu gani. Mfano mwema ni leso. Leso huuzwa mbili mbili zikiwa hazijakatwa, na hizo mbili huitwa doti. Neno hilo nalo limegeuka, maana zamani katika biashara ya nguo za bara doti ilikuwa ni kipimo cha urefu, mikono minane, yaani shuka mbili za mikono minne minne. Leo mwanamke akisema doti ya leso haulizi mikono, ataka leso mbili. Basi mtu akiagiza korija ya leso, anaagiza leso 20 au doti 20? Ya kwanza ni vipande 20, ya pili ni vipande 40. Hali kadhalika viatu na soksi. Dazeni ya soksi ikiwa ni ya jozi, ni soksi 24. Katika barua ya kuagiza, neno moja tu laondoa shaka: korija moja ya doti, dazeni moja ya jozi.

Njia ya tatu ni kwamba neno laweza kubaki na hesabu ikahama. Sisi makarani tunalo la karibu mezani petu, nalo ni rimu ya karatasi. Rimu ya zamani ilikuwa na karatasi 480, yaani vitita 20 vya karatasi 24, na msomaji ataona mara moja kwamba ni ishirini ya dazeni mbili mbili. Rimu ya leo ni karatasi 500. Mtu akisoma daftari la bohari la miaka mingi iliyopita na akahesabu kila rimu kwa 500, katika rimu 25 atakuwa amezidisha karatasi 500, na huenda akamdhania mtunza bohari wa wakati ule kuwa mwizi.

Hata dazeni haikusalimika. Huko Uingereza waoka mikate walikuwa na desturi ya kutoa mikate 13 kwa dazeni, kwa kuwa sheria kali ya uzito wa mikate, iliyokuwapo tangu karne ya 13, iliwaadhibu waliopunja. Mkate mmoja wa nyongeza uliwakinga. Mnunuzi alifurahia nyongeza hiyo, lakini katika hesabu dazeni ilibaki 12. Nyongeza ya muuzaji ni zawadi, haigeuzi neno.

Mazao yetu wenyewe

Yabaki kusema juu ya vitu tunavyouza sisi. Mayai yamekwisha kupata fungu lake jipya, nalo ni trei. Trei moja ni mayai 30, yaani dazeni mbili na nusu. Mnunuzi mmoja akitoa shilingi 450 kwa trei, na mwingine akitoa shilingi 192 kwa dazeni, yupi bora? Wa kwanza ametoa 15 kwa yai, wa pili 16. Ukipendelea kulinganisha kwa trei, zidisha 192 kwa mbili, upate 384, uongeze nusu ya dazeni, 96, upate 480. Kwa hiyo mwenye dazeni amezidi shilingi 30 katika kila trei, ingawa kwa kusikia tu 450 ni nyingi kuliko 192.

Maembe yaweza kuuzwa kwa hesabu, lakini kwa sharti lilelile la boriti, kwamba yatenganishwe kwanza kwa ukubwa. Mwenye maembe makubwa na madogo akiyauza kwa hesabu bila ya kuyatenga, mnunuzi atachagua makubwa kwa bei ya kati, na madogo yatabaki kwake mpaka yaoze. Aliyetenga huwa na bei mbili, na kila embe hulipwa kwa haki yake.

Lakini ndizi hazitaki dazeni mpaka zikatwe katika chane. Anayeuza mkungu auze mkungu, ama auze kwa uzito. Asikubali kuambiwa kwamba mkungu ni sawa na dazeni kadha wa kadha, maana hapo mnunuzi analitia neno lisilo na hesabu ndani ya neno lenye hesabu, na kadirio litakuwa lake. Kama ni lazima kukadiria, hesabu chane ya juu na chane ya chini, ujumlishe, ugawanye kwa mbili, kisha uzidishe kwa idadi ya chane. Mkungu wenye chane 8, ya juu ndizi 18 na ya chini 10, wastani wake ni 14, na jumla ni kama ndizi 112, yaani dazeni 9 na ndizi 4. Aliyekuambia dazeni 8 ametaka kuchukua ndizi 16 bila ya malipo.

Katika daftari, basi, iandikwe idadi ya mafungu, jina la fungu, aina ya kitu, kisha idadi kamili kwa tarakimu pembeni: korija 2 na 6, boriti, 46. Atakayelisoma baada ya miaka thelathini, hata kama neno litakuwa limehama kama rimu ilivyohama, ataikuta ile 46 mahali pake.